Biwi la Jikoni: Namna Maganda Yanavyogeuka Chakula cha Udongo, na Vitu Vinavyoliharibu

Katika kila nyumba ipikwayo chakula kuna ndoo, au kikapu, au karai bovu, ambamo hutupwa maganda ya muhogo na ya ndizi, machicha ya nazi, majani ya chai na mashina ya mchicha. Ndoo hiyo kila jioni hupewa mtoto mdogo kuliko wote akaitupe jaani, na hapo habari yake huishia. Leo nataka kuieleza habari hiyo kwa njia nyingine, yaani ndoo isipokwenda jaani, bali ikamwagwa pembeni mwa ua juu ya majani makavu, likafanywa biwi la mboji. Nami nitalitaja biwi langu mwenyewe, kwani liliharibika vibaya, na kuharibika kwake kulinifunza zaidi kuliko miaka yote lilipokuwa zima.

Kwanza yatupasa tumjue afanyaye kazi ndani ya biwi. Wengi hudhani kwamba maganda huoza yenyewe kwa kukaa siku nyingi, kama nguo inavyochakaa. Sivyo. Maganda huliwa. Huliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyo vingi mno hata katika kijiko kimoja cha udongo, pamoja na kuvu, ambayo ni ule utandu mweupe mfano wa nyuzi za pamba uonekanao chini ya majani yaliyolowa. Baadaye, biwi likipoa, huja majongoo na nyungunyungu wakamaliza yaliyobaki. Wote hawa wana haja ya chakula, na maji, na hewa, kama sisi tulivyo.

Chakula chenyewe ni cha namna mbili. Cha kwanza ni kile cha kuvipa nguvu, nacho hutoka katika vitu vikavu: majani yaliyopukutika, makuti yaliyokatwakatwa, mabua, maranda ya seremala. Humo mna kaboni kwa wingi. Cha pili ni kile cha kujengea miili yao, nacho hutoka katika vitu vibichi vya jikoni. Humo mna naitrojeni. Wataalamu wamepima wakaona kwamba vijidudu hustawi pakiwa na kaboni sehemu 25 mpaka 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Walakini hapana mama wa nyumba atakayekaa na mizani ya namna hiyo, wala hapana haja. Kipimo cha nyumbani ni hiki: kila debe moja la uchafu wa jikoni lipate madebe mawili ya majani makavu, na ukiwa uchafu umerowa sana, yawe matatu. Wala rangi isikudanganye, kwani majani ya chai, ijapokuwa ni meusi, huhesabiwa pamoja na vitu vibichi.

Ama hewa, hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Vijidudu vipendavyo hewa hula upesi, na kazi yao hutoa harufu njema ya ardhi iliyonyeshewa mvua. Hewa ikikatika, hivyo hudhoofika na mahali pao hushikwa na vijidudu vya kabila nyingine, viishivyo pasipo hewa. Hivi hufanya kazi polepole, huchachusha, tena hutoa gesi inukayo kama yai viza. Basi mwenye biwi aliyejaaliwa pua nzima hahitaji daktari wa biwi. Pua yake itamwambia kila siku ni kabila gani inayotawala mle ndani.

Tafuta mahali penye kivuli, juu ya ardhi tupu na si juu ya saruji, mbali na kisima na mbali na dirisha la jirani. Tandika chini vijiti vya unene wa kidole, kiasi cha nusu futi, ili hewa ipate njia ya kuingia kwa chini. Juu yake weka majani makavu, kisha uchafu wa jikoni usiozidi unene wa kiganja, kisha majani tena. Kando ya biwi pawe na gunia la majani makavu siku zote, na mtoto apeleke ndoo afahamishwe kwamba kazi yake haijaisha mpaka lisionekane ganda hata moja. Nzi hawezi kutaga asipopafikia.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Chukua konzi kutoka ndani ya biwi, ulikaze kwa nguvu. Likitoa tone moja au mawili tu, ni sawasawa. Yakitiririka maji, ongeza majani makavu. Likivunjika kama unga, nyunyiza maji.

Biwi lijengwalo kidogo kidogo, ndoo kwa ndoo, halipati moto mwingi, huoza taratibu. Lakini likifika urefu, upana na kimo cha futi 3, ukalipindua lote, la juu likawa chini na la nje likawa ndani, basi mnamo siku 2 mpaka 4 katikati yake huwa moto wa nyuzi 55 hata 65 za sentigredi. Moto huo hutoka katika kula kwa vijidudu, kama mwili wa mtu unavyopata joto afanyapo kazi, na kule ndani huua mbegu za magugu na funza wa nzi. Mimi huchomeka ufito wa chuma mpaka katikati, nikauacha kwa muda wa robo saa, kisha nikaushika. Ikiwa siwezi kuushikilia, nafurahi.

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Ibn al-Awwam wa Ishbiliya, katika nchi ya Andalusi, aliyeishi karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha ukulima akaweka mlango mzima juu ya mbolea na namna ya kuzitengeneza. Na Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi mjini Indore, India, kuanzia 1924 mpaka 1931, aliitengeneza njia ya kupanga matabaka na kupindua, akakiri kwamba mengi aliyajua kwa kuwatazama wakulima wa huko.

Sasa nije kwenye msiba wa biwi langu. Miaka miwili iliyopita palikuwa na khitma nyumbani kwetu. Tuliwapikia watu wengi pilau ya nyama, na mvua ikanyesha tangu alasiri hata usiku, ikawa nusu ya walioalikwa hawakufika. Tuligawa chakula nyumba kwa nyumba mpaka saa sita za usiku, na bado masufuria mawili yalibaki. Asubuhi pilau ilikuwa imechacha. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda chuoni kusomesha, na vijana waliobaki nyumbani waliona haya kukitupa jaani chakula kilichosomewa Kurani. Wakaona bora kukipeleka kwenye biwi: wali wenye mafuta, vipande vya nyama, mifupa, na juu yake wakamwaga maji ya kuoshea masufuria. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Mmoja wao aliniambia baadaye, "Maalim, chakula ni halali na ni tohara, tukasema kitaharibu nini?"

Hata siku ya tatu, bibi mmoja, jirani yetu wa upande wa kusini, alinisimamisha nikitoka kusali alfajiri.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nakuuliza, huko ukutani kwenu mmezika nini? Tangu juzi madirisha hatufungui, na mjukuu wangu ana pumu."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mimi ndiye niwasomeshaye watoto haki za jirani, na jirani yangu hafungui dirisha kwa ajili yangu! Nilikwenda kulitazama biwi. Lilikuwa limelala na kubonyea katikati. Juu yake nzi walikuwa wengi, na chini ya wali walitembea funza. Panya walikuwa wamechimba shimo kwa upande wa ukuta kufuata mifupa. Nilichomeka ufito, ukatoka baridi kama uliotoka mtungini, tena una ute. Nalo lilinuka yai viza.

Nikafanya kosa la pili, ambalo najua wengi hulifanya. Nilichukua debe zima la jivu la mkaa nikalimwaga juu, kwani tumezoea kulitia jivu mahali penye uvundo. Harufu ya yai viza ilipungua, ni kweli, lakini kwa saa chache ikaja harufu nyingine kali iliyotoboa pua na kuyatoa machozi, kama ya chooni pa watu wengi. Nilikuwa nimeongeza adha juu ya adha.

Katika msikiti wetu husali mzee mmoja aliyekuwa Bwana Shamba kabla ya kustaafu. Nikamwomba aje. Alizunguka biwi mara moja, akachukua konzi, akalikaza, mchuzi ukatiririka kati ya vidole vyake. Akasema, "Maalim, biwi lako limezama." Kisha akakaa juu ya kinu akanieleza.

Mafuta, alisema, ndiyo yaliyoanza. Mafuta hukizunguka kila kipande cha ganda na kila jani kama vile yanavyoizunguka karatasi ya maandazi. Maji hayapenyi sawasawa wala hewa haiingii, nayo yenyewe huliwa polepole sana. Tena wali uliopikwa, ukiwa mwingi mahali pamoja, hushikana ukawa kama bamba. Ukichanganya bamba la wali na mafuta ya pilau na maji ya sufuria, umeliziba biwi kinywa na pua. Vijidudu vyenye kutaka hewa vilikufa siku ya kwanza. Nyama nayo ina naitrojeni nyingi, na katika mahali palipozibwa nyama haiwi mboji, bali huwa mzoga. Na mzoga huita nzi na panya kutoka mbali. Mfupa ndio kabisa, hukaa miaka.

Na jivu je? Hapo ndipo nilipopata elimu. Jivu lina tabia ya magadi, yaani ni kinyume cha ukali wa ndimu. Katika biwi lililojaa nyama na vitu vibichi, naitrojeni imo katika sura ambayo, ikikutana na magadi, hugeuka gesi iitwayo amonia ikaruka hewani. Ile harufu iliyonitoa machozi ilikuwa ndiyo mbolea yangu yenyewe ikinikimbia. Konzi moja la jivu la kuni juu ya tabaka, mara moja moja, halina neno. Debe zima ni hasara, na jivu la mkaa ulionunuliwa mara nyingine huwa na misumari na rangi za mbao zilizochomwa, basi afadhali liachwe.

Tulifanya kazi siku ile ile, yeye akiamuru nami na vijana tukitenda. Tulilibomoa biwi lote. Nyama na mifupa tuliiokota kwa koleo, tukaizika katika shimo la kina cha futi 2 mbali na kisima, tukaweka mawe juu ili mbwa na panya wasifukue. Bamba la wali tulilivunjavunja kwa jembe mpaka pasiwe na donge kubwa kuliko ngumi. Kisha tuliyatandaza yote juu ya makuti, jua likayapiga kutwa nzima, na kuku wa jirani wakala funza wakashiba. Jioni tulijenga upya: vijiti chini, kisha kwa kila debe la uchafu ule tukatia madebe matatu ya majani makavu ya mwembe yaliyochanganywa na maranda, na kila tabaka tukanyunyizia makonzi mawili ya mboji ya zamani, iliyo na vijidudu vilivyo hai. Mwisho tukalifunika lote kwa majani unene wa kiganja. Hatukutia maji hata kidogo.

Siku ya tatu ufito ulitoka na joto la chai. Siku ya tano sikuweza kuushikilia. Tulipindua siku ya saba, na siku hiyo ndiyo Bi Mkubwa alifungua madirisha yake. Baadaye tulipindua kila juma mara moja kwa majuma manne, kisha tukaliacha lipoe na kukomaa. Jumla, tangu kujenga upya mpaka kutumia, yalipita majuma kumi na mbili, na biwi lililokuwa la kimo cha futi 3 likawa halifiki futi moja na nusu.

Yule kijana aliyeniuliza, "kitaharibu nini ilhali ni tohara," alistahili jibu, nami nilimpa mbele ya wenzake. Tohara ni jambo moja, na kulifaa biwi ni jambo jingine. Nyama ya halali ni tohara, nayo huliua biwi. Mavi ya mbuzi na ng'ombe hulifaa sana biwi, nayo katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuyafuatayo wengi wa pwani, ni najisi. Wala kuoza na kugeuka udongo hakuyatoharishi. Yajuzu kuyatumia shambani, ingawa kwa karaha, na mazao yake ni tohara. Kilichoguswa na najisi huoshwa. Kwa sababu hiyo mimi biwi la jikoni silitii samadi, maadamu watoto hulishika na mama hupita hapo na udhu wake. Samadi ina lundo lake huko shambani. Ama vinyesi vya paka na mbwa, na nepi za watoto, hivyo visitiwe kabisa katika biwi la kulishia mboga, kwani vina mayai ya minyoo na maradhi, na biwi la nyumbani halina hakika ya kupata moto kila upande.

Na chakula kizima kilichobaki, hicho mlango wake wa kwanza si biwi. Mtu kwanza, kisha kuku na mbuzi, na biwi hupata tu yale ambayo tumbo lolote haliyataki. Tangu siku ile, nyumbani kwetu pilau hupikwa kwa kuhesabu vichwa.

Yapo mengine yaharibuyo biwi, lakini kwa upole zaidi. Maji ya kuloweka ng'onda na maji ya samaki wa chumvi yasimwagwe humo, kwani chumvi haiozi wala hairuki. Hubaki ndani ya mboji mpaka kitaluni, ikauchoma mchicha ncha za majani. Vifuu vya nazi havioi upesi hata kidogo, vitumieni kuni. Makumbi nayo ni ya polepole, lakini yakichambuliwa nyuzinyuzi hufaa mahali pa majani makavu. Machicha ya nazi yanafaa, bali yatawanywe kama unyunyizavyo chumvi, kwani yana mafuta kidogo na yakilundikwa huchacha. Plastiki bado huingia ndoo kwa njia ya pakiti na vifungio, ijapokuwa mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019. Nayo haiozi, hukatikakatika tu ikawa vipande vidogo usivyoweza kuviokota. Hata baadhi ya vifuko vya majani ya chai vina plastiki ndani yake, basi pasueni mkamimina majani peke yake. Mbegu za nyanya na papai zitaota kitaluni pasipokuwa na moto wa kutosha, lakini hilo ni udhia tu. Mwaka jana nilikula mapapai nisiyoyapanda.

Watu hunionya juu ya maganda ya machungwa na ndimu kwamba yanaua biwi. Sijaliona hilo. Yakikatwa vipande na kuchanganywa, huliwa kama mengine, ila huchelewa kidogo, na huota ukungu wa kijani usiodhuru kitu.

Utajuaje kuwa mboji imeiva? Rangi yake huwa ya kahawia iliyokoza karibu na weusi, hutambui tena ganda wala jani, na ufito hutoka baridi ingawa umelipindua. Tia konzi lenye unyevu katika chupa, ifunge, iache siku 3, kisha fungua unuse. Ikinuka udongo, imeiva. Ikinuka ukali au uchachu, bado; mboji mbichi ikitiwa shambani huendelea kuliwa humo, na vijidudu vyake huinyang'anya miche naitrojeni, ukaona majani yanageuka manjano.

Msiitazamie ifanye kazi ya mbolea ya dukani. Yurea ina naitrojeni sehemu 46 katika 100. Mboji ya jikoni aghlabu ina sehemu 1 au 2 tu. Tofauti ni kwamba yurea huulisha mmea, na mboji huulisha udongo. Huku pwani ardhi yetu ni mchanga na matumbawe; maji hupita kama katika chujio, nayo mbolea ya dukani hufuatana na maji. Mboji huyashika maji na chakula pamoja, ikavitoa kidogo kidogo kwa misimu kadhaa. Tandaza unene wa inchi 2 juu ya kitalu, ichanganye na udongo wa juu tu, kina cha vidole vinne, kisha mwagilia. Kwa mkebe wa kuoteshea, sehemu moja ya mboji kwa sehemu mbili za udongo yatosha. Ukipanda katika mboji tupu, mche hulegea na maji hutuama katika mizizi.